Ripoti imekatika ukurasa wa 47, muhtasari wake unaandikwaje?

*Shikamoo kaka. Nipo fildi kwenye halmashauri moja huku Dodoma, nimepewa ripoti ya utafiti wa visima vitano nimwandikie bosi muhtasari wa kama ukurasa mmoja na nusu aende nao kwenye kikao Alhamisi. Pdf niliyotumiwa inaishia ukurasa wa 47 katikati ya sentensi, ila kwenye yaliyomo ripoti inaenda mpaka 63. Mapendekezo sijayaona kabisa na aliyenitumia hapokei simu. Nisubiri au niandike hichohicho? Na nikiandika nasemaje bila kuonekana sijafanya kazi?*

Marahaba mdogo wangu. Andika, kikao cha Alhamisi hakitakusubiri wewe wala huyo asiyepokea simu. Ila jua toka mwanzo kwamba unachoandika ni muhtasari wa ukurasa wa 1 mpaka wa 47, na hilo bosi alione kabla hajasoma neno lolote la visima. Mi kazi yangu miaka mingi ni kuandaa madokezo ya vikao na kufupisha maripoti ya wataalamu, na karatasi pungufu zinakuja mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo ntakueleza ninavyofanya mwenyewe nikikutana nayo.

Kwanza hakikisha unajua una kurasa zipi hasa. Fungua hiyo pdf uangalie namba inayoonekana kwenye skrini alafu uangalie namba iliyochapwa chini ya karatasi yenyewe, mara nyingi hazifanani, kwa sababu kava na shukrani na yaliyomo na muhtasari wa mwanzo huwa vinahesabiwa kwa namba za kirumi. Tuseme kuna kava moja na kurasa i mpaka viii, basi skrini itakuonyesha 56 wakati chini pamechapwa 47. Sasa wewe ukimwandikia bosi "nimesoma kurasa 56" na yeye anajua ripoti ina kurasa 63, atapiga hesabu atasema zimebaki 7, kumbe zimebaki 16. Kwa hiyo tumia namba iliyochapwa, na mara moja tu useme kwamba kwenye faili hiyo ni karatasi ya 56 ili mtu akitaka kuhakiki asihangaike.

Alafu kabla hujaamini kwamba kilichopungua ni mwisho tu, pitia namba za chini moja baada ya nyingine kuanzia 1. Najua inachosha ila ni dakika chache. Mashine ya skani inayovuta karatasi yenyewe huwa inavuta mbili kwa pamoja, hasa karatasi zikiwa zimetobolewa au zilikuwa na pini, na kama ripoti imechapwa pande mbili basi ukurasa wa 21 unafuatwa na wa 24 na wewe unasoma tu unaona sentensi imekaa vibaya kidogo unapita. Ripoti ambayo mwisho wake umekatika ina kila sababu ya kuwa na tundu katikati pia, kwa sababu aliyeiskani hakuangalia kazi yake. Ukikuta tundu linaandikwa pamoja na lile la mwisho, hivihivi: "hazipo uk. 22–23 na uk. 48–63".

Wewe umepata bahati mbili, kwanza sentensi imekatika katikati kwa hiyo huna wasiwasi kwamba labda imeisha hapo, na pili yaliyomo yapo. Kuna ambazo zinaishia kwenye nukta safi kabisa mwisho wa aya na yaliyomo hayapo, hapo mtu anafupisha kwa raha zake akijua amemaliza. Za hivo unazigundua kwa ripoti yenyewe inavyojitaja: sehemu fulani inasema "tazama Jedwali 5.4" na wewe jedwali la mwisho uliloliona ni 5.2, au inataja Kiambatisho C na hakuna kiambatisho hata kimoja, au ni muhtasari wa kikao wenye ajenda 9 mwanzoni na wewe umeishia ajenda ya 6 na hakuna sahihi ya mwenyekiti wala ya katibu.

Sasa chukua yaliyomo uyagawe mafungu matatu: sura ulizonazo nzima, sura iliyokatika, na sura ambazo hujaziona kabisa. Ripoti yako mimi sijaiona kwa hiyo natunga mfano tufanye wote. Tuchukulie Sura ya 1 mpaka ya 3 ni utangulizi, mbinu na upimaji wa miamba, Sura ya 4 ni majaribio ya kupampu na inaishia ukurasa wa 40, Sura ya 5 ni ubora wa maji inaanza wa 41, Sura ya 6 ni hitimisho na mapendekezo inaanza wa 54, na viambatisho vinaanza wa 58. Ukifika 47 maana yake una sura nne kamili, una kurasa 7 za Sura ya 5 kati ya 13, na Sura ya 6 huna hata mstari.

Watu wote wanaogopa ile Sura ya 6 kwa sababu ndo inayoonekana haipo, lakini mi ninayoiogopa zaidi ni hiyo ya 5. Sura ambayo huna kabisa huwezi kuikosea, utasema huna basi. Ile ya nusu ndo inakupa maneno ya kutosha kukufanya ujione umeelewa. Chukulia ukurasa wa 47 mstari wa mwisho unasema: "Matokeo ya maabara yanaonyesha kuwa floridi katika visima namba 1, 2 na 3 ipo chini ya miligramu 1.5 kwa lita, hata hivyo" na hapo ndo imekatika. Hiyo 1.5 ni kiwango kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani, na kwa ukanda wetu huu wa kati floridi na maji chumvi ndo vitu vinavyofanya kisima kizuri kwa wingi wa maji kiishie kuachwa. Mtu mwenye haraka anaandika "ubora wa maji ni salama". Angalia hapo amekosea mara ngapi: visima vitatu amevifanya vitano, floridi peke yake ameifanya ubora wote wa maji, na ile "hata hivyo" ameifuta wakati ndo neno la muhimu kuliko yote kwenye ukurasa. Baada ya hata hivyo inaweza kuja kwamba namba 4 na 5 zimezidi, au kwamba sampuli zilichukuliwa masika kwa hiyo zirudiwe kiangazi, au kitu kidogo tu kisichobadilisha lolote. Hujui, na huruhusiwi kukisia kwa niaba ya mtaalamu aliyepima.

Unachoandika hapo ni hiki: "Floridi katika visima namba 1, 2 na 3 ipo chini ya miligramu 1.5 kwa lita (uk. 47). Sentensi hiyo inaendelea kwa 'hata hivyo' na imekatika hapo, matokeo ya visima namba 4 na 5 hayamo kwenye kurasa zilizopatikana." Umeona, umetoa taarifa yote uliyonayo, na umemwonyesha msomaji mahali hasa ilipokatika bila kumpa neno lolote la kwako. Jedwali lililokatika nalo linafanywa hivohivo, unasema jedwali lina mistari ya visima vitatu, na wastani usikokotoe, kwa sababu wastani wa vitatu ukiingia kwenye dokezo kesho yake unasomwa kama wastani wa vitano.

Kitu kingine kinachowapata hata wazoefu ni kusema ripoti HAIJASEMA. Unasoma kurasa 47 huoni gharama popote, unaandika "ripoti haijataja gharama za uchimbaji". Hapana jamani. Gharama mara nyingi inakaa kwenye kiambatisho au kwenye mapendekezo, yaani hukohuko usikokuona. Ukiwa na nakala pungufu huna haki ya kusema ripoti haina kitu fulani, unachoweza kusema ni kwamba "kwenye uk. 1–47 gharama hazijatajwa". Inaonekana ni tofauti ndogo ila fikiria diwani akiuliza mbele za watu kwa nini mtaalamu mliyemlipa hakuweka gharama, na mtaalamu amekaa palepale na gharama zake zipo ukurasa wa 60. Kwa hiyo ukimaliza kuandika, pitia upya utafute kila "haina", "haikutaja", "hakuna" na "haijaeleza", kila moja iwekee mpaka wa kurasa.

Hivohivo maneno kama "ripoti inahitimisha", "ripoti inapendekeza", "kwa jumla", hayo yanasema umeona mwisho. Kama hujauona yaondoe, sema "Sura ya 4 inaeleza", "uk. 33 unaonyesha". Mi huwa namba ya ukurasa naiweka kwenye kila hoja nzito, na kwa nakala pungufu hiyo inafanya kazi mbili, bosi anaweza kuhakiki na papohapo anaona hoja zako zote zimetoka wapi.

Utaniuliza, vipi kuhusu ule muhtasari wa mwanzoni, kurasa v na vi, maana mara nyingi mapendekezo yametajwa kule. Utumie, usiuache, ila usiuvae kama vile ndo Sura ya 6. Andika "kwa mujibu wa muhtasari wa mwanzo (uk. vi) ripoti inapendekeza visima viwili viendelezwe, sura yenye mapendekezo yenyewe haijaonekana". Sababu ni kwamba ule muhtasari wa mwanzo umefupishwa tayari na mtu mwingine, na kitu cha kwanza kudondoka mtu akifupisha ni masharti. Mbele inasomeka visima viwili viendelezwe, ndani inasomeka viendelezwe baada ya kupimwa tena kiangazi na kisima kimoja kifungiwe pampu ndogo. Bosi akisimama na ile ya mbele ataahidi wananchi kitu ambacho mtaalamu hajakiahidi. Na vichwa vya sura kwenye yaliyomo navyo ni hivohivo, vinakuambia kitu kipo, havikuambii kinasema nini, kwa hiyo kichwa kikiandikwa "6.2 Athari kwa mifugo" usianze kutunga athari.

Hata zile sura nzima ziangalie zimeegemea wapi. Sura ya 4 unayo yote, inasema kisima namba 4 kilitoa lita 6,000 kwa saa kwenye jaribio la saa 24, sawa andika kwa kujiamini. Lakini kama palepale imesema takwimu za kila saa zipo Kiambatisho B, na Kiambatisho B huna, ongeza nusu sentensi kwamba takwimu zenyewe hazijaonekana. Hautilii shaka, unasema tu ulichokiona na ambacho hukukiona.

Sasa mahali pa kuiweka hiyo taarifa, na hapa ndo kazi nyingi nzuri zinaharibikia. Mtu ameandika vizuri kabisa kwamba kurasa hazipo, ameweka mwisho kwa herufi ndogo. Nani anasoma huko? Bosi anasoma aya mbili za juu akiwa kwenye gari anaelekea Mtumba, na mwenzake anapiga picha ukurasa wa kwanza anarusha kwenye grupu la wasap, basi taarifa yako imebaki nyuma. Iwekee sehemu tatu: kwenye kichwa chenyewe, kwenye aya ya kwanza, na tena pale ilipokatika. Jina la faili pia lisaidie, mi ningeliita `muhtasari_visima_uk1-47_kati_ya_63.docx`, ili hata miezi sita baadaye mtu akilikuta masjala asidhani ni muhtasari wa ripoti nzima. Mwanzo wake ungekaa kama hivi:

> Muhtasari wa ripoti ya utafiti wa visima vitano: uk. 1–47 kati ya 63
>
> Nakala iliyopatikana inaishia uk. 47 (karatasi ya 56 kwenye faili), katikati ya Sura ya 5. Muhtasari huu unahusu Sura ya 1 hadi ya 4 zote na sehemu ya Sura ya 5. Haukuhusisha sehemu iliyobaki ya Sura ya 5 (ubora wa maji, uk. 48–53), Sura ya 6 (hitimisho na mapendekezo, uk. 54–57) na viambatisho (uk. 58–63). Kurasa hizo zimeombwa kwa mwandishi Jumanne.
>
> Kwa kurasa zilizopo inawezekana kueleza wingi wa maji kwa visima vyote vitano. Haiwezekani kueleza usalama wa maji kwa kunywa wala kisima kipi kimependekezwa.

Hiyo aya ya mwisho ndo inayomsaidia bosi kuliko zote, usiiache. Kumwambia "kurasa 16 hazipo" ni jambo la karatasi, yeye anataka kujua kwenye kikao ataweza kujibu nini na atashindwa nini. Na usiandike kwamba umepitia asilimia 75 ya ripoti, hesabu ni kweli 47 kwa 63 inakaribia hapo, lakini inampa picha kwamba robo tatu ya jibu anayo mkononi, wakati kwa swali lake, tuchimbe wapi, inawezekana hana kitu kabisa. Taja sura kwa majina yake.

Hili la kuonekana hujafanya kazi lisikutese. Anayeonekana hajafanya kazi ni yule ambaye bosi wake anaulizwa swali la ukurasa wa 54 anabaki kupekua makaratasi. Wako akiulizwa atajibu "mapendekezo yapo Sura ya 6, hatujaipata, tumeiomba", na kikao kitaamua kama kijadili wingi wa maji tu leo na mapendekezo kiyaweke kiporo. Hiyo tayari ni kazi, umewaambia wasichoweza kuamua bado.

Wakati huohuo endelea kuzitafuta hizo kurasa, usikae kumsubiri mtu mmoja. Nenda masjala uulize kama nakala ngumu ipo kwenye faili la mradi, uliza idara ya maji, muulize bosi mwenyewe kwa heshima kama alipata nakala nyingine. Na ukimwandikia aliyekutumia usiseme "ripoti haijakamilika nitumie tena", atakutumia faili lilelile, kwa sababu pengine hata kwake limekatika hivohivo. Mwandikie: "Habari za kazi, nakala niliyopokea inaishia uk. 47 kwa maneno 'hata hivyo'. Naomba uk. 48 mpaka 63 tu, kutoka kwenye karatasi zenyewe au faili la Word." Ukimpa maneno ya mwisho unayoyaona anaweza kufungua lake akajua sekunde hiyohiyo kama anazo.

Zikija, hata kama ni Alhamisi asubuhi, usibandike aya mbili mwishoni ukafuta onyo la juu. Kwanza soma 48 mpaka 63 zote, alafu rudi kwenye kila sentensi uliyoandika kutoka Sura ya 4 na ya 5 uone kama bado inasimama, maana hitimisho mara nyingi linapunguza kilichosemwa nyuma. Kile kisima cha lita 6,000 kinaweza kuwa ndo kilekile kilichokataliwa kwa floridi, na kwenye muhtasari wako wa kwanza ndo ulikitaja juu kwa sababu kilikuwa na maji mengi. Badilisha mpangilio, badilisha kichwa kiwe ripoti nzima, weka tarehe, na mstari mmoja wa juu useme "hii inachukua nafasi ya muhtasari wa uk. 1–47 wa Jumatano, kilichobadilika ni hiki na hiki". Ule wa kwanza uache kwenye faili, na uwatumie mpya watu walewale wote uliowatumia wa zamani.